Tupeane uzoefu: mauzo ya duka la mtandaoni yamepanda, hela haionekani. Wewe unapigaje hesabu zako?

Shuka la Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nauza mashuka mtandaoni, mzigo nachukua Kariakoo, stoo iko nyumbani Tabata. Nina tovuti ndogo, ila wengi wanamalizia oda WhatsApp. Bodaboda anapeleka, mteja analipa mzigo ukifika, na nauli ya boda ni juu yake.

Mwezi wa kwanza niliweka 600,000 kwenye matangazo. Wakaingia watu 4,000, wakaagiza 80. Nikaona konvesheni ya watu wawili katika kila mia si mbaya. Wastani wa oda ukawa 44,000. Paneli ya matangazo ikanionyesha oda 75 zimetokana na tangazo, maana yake kila moja imenigharimu 8,000. Kwenye oda ya 44,000 faida ya bidhaa ni 16,000, kwa hiyo nikajua nina 8,000 safi kila oda.

Mwezi wa pili nikaongeza tangazo hadi 1,200,000. Mauzo yakatoka milioni 2.9 yakafika 4.4. Nikachinja kuku. Halafu nikaangalia salio: mwezi wa kwanza zilibaki kama 290,000, wa pili zimebaki 120,000. Hakuna aliyeniibia, nimeshahakikisha. Wenzangu mliopita hapa, mlikuta tatizo liko wapi?

Kijana wa Sinza

Mkuu, shida yako ni wastani wa oda. Mimi nauza vyombo, niliweka ofa ya nauli bure ukinunua kuanzia 60,000, wastani ukapanda ndani ya wiki. Mtu akiwa na 52,000 anaongeza bakuli mwenyewe bila kuombwa. Panda hapo, matangazo yatajilipa.

Mama Foronya

Kaka wa Sinza, hiyo ofa imeniunguza mimi hapa. Nauza foronya na taulo. Wateja wangu wengi walikuwa wananunua za 46,000 hadi 48,000, nikaweka nauli bure kuanzia 50,000. Wakaongeza taulo dogo la mkono la 4,000, ambalo faida yake ni 1,500. Mimi nikabaki kumlipa boda 5,000, na ukipata wa Bunju au Chanika ni zaidi ya hapo. Wastani wa oda ulipanda kweli, nilikuwa nauangalia nacheka. Kumbe kila anayevuka mstari ananitoa 3,500 au zaidi.

Sasa hivi nauli wanalipa wenyewe. Nilichofanya ni kumwambia anayechukua shuka, "dada, nikuwekee na foronya mbili za ziada, 9,000?" Hizo nimenunua 4,500. Katika kumi wanakubali watatu, siku nyingine wanne. Wastani unapanda polepole, lakini hela naiona.

Msafiri 77

Naomba kuuliza, hii konvesheni mnayoongelea ni ile ya dola? Maana mimi nalipia tangazo kwa kadi, paneli inaniandikia kiasi fulani, benki inakata kingine kikubwa zaidi.

Mzee wa Stoo

Msafiri, hapana, konvesheni ni ile ya katika wanaoingia wangapi wananunua. Lakini umegusa pazuri bila kujua. Gharama ya tangazo isomwe kwenye taarifa ya benki, baada ya dola yao na kodi, sio kwenye paneli. Shuka la Tabata, wewe hizo 600,000 umezitoa wapi?

Shuka la Tabata

Benki, mzee. Hizo ni halisi.

Mzee wa Stoo

Vizuri. Sasa nijibu mawili. Katika zile oda 80, wangapi walipokea mzigo wakalipa? Na katika waliolipa, wangapi walikuwa wamewahi kununua kwako kabla?

Shuka la Tabata

Imebidi nikae na daftari nusu siku. Waliolipa ni 66. Wengine 14 walizima simu, au boda amefika getini mtu anasema "nitakucheki mwisho wa mwezi". Katika 66, wateja wa zamani ni 22, wengi wanaona stetasi yangu. Wapya ni 44.

Mwezi wa pili oda zilikuwa 128, waliolipa 100, wa zamani 24, wapya 76. Kila safari iliyokwama boda nilimlipa 5,000 yangu. Vifungashio na makato ya miamala ni kama 1,400 kwa oda.

Mzee wa Stoo

Basi jibu umelishika mkononi. Twende taratibu.

Zile 8,000 za kwenye paneli zilikudanganya mara mbili. Kwanza, imehesabu oda, hata za waliozima simu. Pili, imejipa sifa za wateja wako wa zamani. Mpangilio wa kawaida wa Meta, wenye Facebook na Instagram, unahesabu ununuzi wa mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, na hata aliyeliona tu ndani ya siku 1. Mama mmoja wa Kimara anayenunua kwako kila msimu akipita mbele ya tangazo asubuhi, akaagiza jioni kwa sababu ya stetasi, tangazo linaandika "wangu huyo".

Tangazo ulilipa ili upate watu wapya. Wapya waliolipa ni 44. Gawa 600,000 kwa 44, unapata kama 13,600 kwa mteja mmoja. Sasa upande wa faida: 16,000 toa 1,400, toa tena zile safari 14 zilizokwama, ambazo ni 70,000. Ukizigawa kwa oda 66 zilizolipwa inakuja kama 1,060. Inabaki 13,540. Maana yake mteja mpya alikuachia hasara ya kama shilingi mia. Ile 290,000 yote uliyoiona ilitoka kwa wale 22 wa zamani.

Ndiyo maana ulipoongeza tangazo faida haikuongezeka. Na mwezi wa pili usigawe 1,200,000 kwa 76 ukaishia hapo. Jiulize hela ya nyongeza imeleta nini. Umeongeza 600,000 ukapata wapya 32 zaidi. Kila mmoja wa hao amekugharimu 18,750, na anakuachia kama 13,200 kwa sababu safari zilizokwama zimeongezeka. Hao ndio waliokula kuku wako.

Binti Mbagala

Jamani 😂 "waliokula kuku wako".

Ila mzee, mbona wa nyongeza ni ghali kuliko wa mwanzo? Tangazo ni lile lile.

Mzee wa Stoo

Kwa sababu mashine inaanza na waliokaribia kununua. Ukiwa na hela kidogo inawatafuta hao. Ukiongeza ghafla inabidi ivue mbali zaidi: watu wanaopenda picha, wanabofya, wanauliza bei, wanaondoka. Ukitaka kuiona, angalia asilimia ya wanaonunua. Yeye mwezi wa pili waliingia wangapi?

Shuka la Tabata

8,500.

Mzee wa Stoo

Oda 128 katika 8,500 ni 1.5 kwa mia, ilikuwa 2. Tovuti haijaharibika, mlango ni ule ule, waliopita mlangoni ndio wamebadilika. Wengi hapa wangekimbilia kubadilisha rangi za tovuti.

Kijana wa Sinza

Mimi nilibadilisha picha tu, nikatoka 2 kwa mia nikafika 3. Picha zina nguvu wakuu.

Mzee wa Stoo

Katika watu wangapi, kijana?

Kijana wa Sinza

Wiki ile waliingia 200.

Mzee wa Stoo

Basi walikuwa wanne wakawa sita. Hao wawili wanaweza kuwa ni mshahara umetoka. Picha inawezekana zimesaidia, sikatai, lakini kwa watu 200 huwezi kujua. Zikae mwezi.

Fundi Daftari

Kwa wanaomalizia oda WhatsApp, asilimia ya kwenye tovuti msiiamini hata kidogo. Yangu ilikuwa inasoma watu 4 katika elfu, nikataka kufunga duka. Kumbe wengi wanabonyeza kitufe cha WhatsApp na tovuti haioni kinachoendelea huko. Dawa niliyotumia ni kulipatia kila tangazo kiungo chake chenye ujumbe tayari na alama yangu mwishoni:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naulizia%20shuka%20K3
```

Mtu akija na "K3" najua katoka tangazo la tatu. Wapo wanaofuta wakaandika "mambo", hao nawauliza wameniona wapi. Kisha kila oda inaingia kwenye jedwali: B ni chanzo, C ni mpya au zamani, D ni amelipa au amekataa. Gharama ya mteja mpya inakuja yenyewe:

```
=600000/COUNTIFS(C2:C500,"mpya",D2:D500,"amelipa")
```

Mpya au zamani naangalia kwa namba ya simu. Kuna mtu na mkewe wana namba mbili wanahesabika wapya wawili, nimewaacha hivyo.

Mwenye Gesti Moja

Mimi hapa ni mteja, si muuzaji. Nilinunua mashuka seti 20 kwa dada mmoja wa mtandaoni, nikalipa 760,000 kwa mkupuo, kwa lipa namba. Baada ya hapo akaanza kunitumia ujumbe kila siku kama mimi nina gesti kumi.

Mama Foronya

Kaka yangu, yule dada inawezekana uliharibu hesabu yake. Mimi nilipata oda kama hiyo ya hospitali ndogo, wastani wangu ukaruka, nikapandisha bajeti ya tangazo nikidhani wateja wamekuwa matajiri. Siku hizi oda za jumla naziweka karatasi nyingine.

Dada Nywele Kijitonyama

Nipingane kidogo na mzee. Mimi nauza mafuta ya nywele ya 18,000. Mteja mpya ananigharimu kuliko faida ya chupa ya kwanza, na sijali, kwa sababu chupa inaisha baada ya wiki sita hivi na anarudi mwenyewe bila tangazo. Hasara ya oda ya kwanza si lazima iwe kosa.

Mzee wa Stoo

Dada, kwako sawa, kama umehesabu wangapi wanarudi kweli na si unaowakumbuka kwa sura. Shuka mtu ananunua leo, la pili labda mwakani. Na boda wa leo analipwa leo. Bado, Tabata akiwa na orodha ya mwaka mzima anaweza kunionyesha nimekosea.

Binti Mbagala

Na muda wa kujibu meseji usiku mnauweka wapi? Mimi nina mdogo wangu anajibu, namlipa 150,000 kwa mwezi. Hiyo si gharama ya kumpata mteja?

Fundi Daftari

Mimi naiweka.

Mzee wa Stoo

Mimi siiweki, kwa sababu anajibu na wa zamani pia. Tumebishana hili na mke wangu miaka miwili.

Shuka la Tabata

Wakuu nimerudi, zimepita wiki mbili. Nimerudisha tangazo kwenye 300,000 kwa nusu mwezi, na sasa mteja anatanguliza nauli ya boda kwa lipa namba kabla mzigo haujatoka. Kuna walionitukana, eti tapeli. Oda zimekuwa 34 tu katika watu 2,000, yaani 1.7 kwa mia, chini ya ile 2 ya mwanzo. Ila waliolipa ni 32. Mwezi wa kwanza, nusu mwezi ilikuwa oda 40, waliolipa 33. Safari zilizokwama zimetoka saba hadi mbili, na hizo mbili nauli alishalipa mteja.

Wapya bado sijawatenganisha, daftari liko kwa shemeji. Mama Foronya, zile foronya za 4,500 unachukua mtaa gani?

Mama Foronya

Njoo pembeni, hapa wapo washindani 😄