Naomba ushauri: wanataka namba ya bosi wangu wa sasa

Habari za jioni, ndugu zangu. Nipo Kampala, mtunza stoo kwa miaka 3 kwenye kampuni moja pale Nakawa. Nimefanya usaili kwingine, ukaenda vizuri. Jana afisa rasilimali watu wao akanitumia fomu yenye sehemu ya jina, simu na baruapepe ya msimamizi wangu wa sasa. Bosi wangu hajui lolote. Mwenzetu mmoja alipigiwa simu ya namna hiyo, wiki iliyofuata funguo za stoo zikachukuliwa.

Kuacha wazi naona kutaonekana nina la kuficha, na namba ya rafiki siandiki, huo ni uongo. Nimeandika hivi:

"Asante kwa fomu. Mwajiri wangu wa sasa hajajua kuwa natafuta kazi, hivyo naomba asipigiwe kwa sasa. Nimeweka msimamizi wangu wa zamani, na nikihitajika nitaleta barua ya ajira na taarifa ya michango yangu ya NSSF. Mkishanipa ofa ya maandishi, nami nikishatoa notisi, nitawapa mawasiliano ya msimamizi wangu wa sasa."

Taarifa ya NSSF inaonyesha jina la mwajiri na miezi aliyochangia, kwa hiyo inathibitisha ajira. Tabia yangu ndiyo haisemi. Notisi yangu kisheria ni mwezi 1.

Ofa ikija na sharti la "tukiridhika na wadhamini", nitoe notisi au nisubiri sharti liondolewe? Na hayo maneno, hayana ukali?