Kompyuta ya mzee na Minecraft mtandaoni: RAM, SSD au kadi ya grafiki?

DadaMkubwa: Wakuu, mdogo wangu wa kidato cha tatu ameifufua kompyuta ya mezani ya mzee. Ni Core 2 Duo E8400, RAM 2GB ya DDR2, hard disk 160GB, grafiki za Intel za kwenye ubao wenyewe. Kapuliza vumbi, kapaka pesti mpya kwenye prosesa, kaweka Linux Mint Xfce, inawaka vizuri. Anataka kucheza Minecraft Java na binamu zake, ila toleo jipya linajifunga kabla ya menyu. Hela ni ya kitu kimoja. Anunue kipi?

Kijana_wa_Ilala: SSD. Hard disk ya zamani hivyo ndiyo inayokwamisha kila kitu.

FundiWaMtaa: SSD itafanya iwake haraka, hapo uko sahihi. Lakini mchezo unaojifunga kabla ya menyu haujakwama kwenye diski. Dada, mwambie aandike hii kwenye terminal:

```
glxinfo -B | grep "OpenGL version"
```

Nategemea itaandika 2.1. OpenGL ndiyo njia ambayo mchezo huchora picha kupitia grafiki. Minecraft Java kuanzia 1.17 inadai OpenGL 3.2, na hakuna RAM wala SSD itakayoibadili namba hiyo. Bila kununua kitu anaweza kucheza 1.16.5: kwenye Minecraft Launcher aingie Installations, kisha New installation, achague toleo hilo.

Hela iende kwenye RAM. Mchezo wenyewe hutengewa 2GB, yaani RAM yake yote, kwa hiyo kinachozidi kinamwagikia kwenye diski. Atakuja kuona picha inaganda huku taa ya diski haizimiki. Atafute vipande viwili vya DDR2, 2GB kila kimoja. Akipewa DDR3 asilazimishe, pengo lake halikai mahali pamoja.

Neema_K: Yangu ilikuwa inakataa kuingia akaunti kabisa. Betri ya saa, CR2032, ilikufa, tarehe ikarudi nyuma miaka na kila ukurasa ukasema si salama. Abadilishe hiyo kwanza.

FundiWaMtaa: Betri abadilishe, ni bei ndogo, ila Mint ikipata mtandao hurekebisha saa yenyewe. Shida ya hapa siyo hiyo.

Kijana_wa_Ilala: Basi kadi ya GT 710? Haihitaji waya wa umeme wa pembeni.

FundiWaMtaa: Itafungua matoleo mapya, kweli. Lakini kwa RAM ya 2GB bado yataganda, na boksi likiwa jembamba anahitaji kadi yenye bati fupi. Iwe ya pili, baada ya RAM.

DadaMkubwa: Imeandika 2.1 kweli. Ila seva ya binamu ni 1.20.

FundiWaMtaa: Mwenye seva aweke programu-jalizi za ViaVersion na ViaBackwards, zote mbili pamoja, ndizo zinazoruhusu matoleo tofauti kuingia. Mdogo wako ataingia na 1.16.5, matofali mapya atayaona kwa sura ya yale ya zamani. Hao binamu wote wako kwenye kompyuta? Minecraft ya simu ni Bedrock, aina nyingine kabisa na Java, na haiingii seva ya Java bila Geyser, programu ya kwenye seva inayotafsiri kati ya hizo mbili.

DadaMkubwa: Wawili wako kwenye simu. Nimemuuliza mwenye seva, hajajibu. RAM tunaitafuta kesho.