Tupeane uzoefu: kibodi ya simu inapoharibu maneno na majina yetu unapochanganya Kiswahili na Kiingereza

Katibu wa Kikundi

Ndugu zangu, nimeamua kuandika baada ya kusoma ujumbe wa asubuhi ya leo katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mweka hazina wetu alikusudia kuandika «Neema ni mgeni wetu wa Jumamosi», lakini simu ikapeleka «Neema no mgeni wetu wa Jumamosi», na wajumbe wawili wakaelewa kwamba Neema amekataliwa kuhudhuria. Ilimlazimu mwenyekiti apige simu kumtuliza Neema.

Wengi wetu tunaandika Kiswahili siku nzima, kisha kwa dakika chache tunamjibu ofisa wa benki kwa Kiingereza, kisha tunarudi kwenye Kiswahili. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze anavyoishi na kibodi yake: anabadilishaje lugha, na anafanyaje ili majina kama Mwanaidi, Nyamizi na Kabula yabaki kama alivyoyaandika?

Mzee wa Nyamagana

Mimi nilikwenda kwenye mipangilio nikazima kujisahihisha, na tangu hapo hakuna neno langu linaloguswa. Fanyeni hivyo, mjadala uishe.

Binti Pangani

Nimeusoma uzi huu mikono ikitetemeka, kwa sababu jambo hili liliiingia familia yetu wakati wa msiba.

Baba yetu mdogo, mzee Rashidi, alikuwa amelazwa kwa muda. Alipofariki alfajiri, binamu yangu aliyekuwa hospitali aliandika tangazo kwa haraka na kulituma katika kundi la ukoo. Katika simu yake alikuwa amehifadhi namba ya shangazi yetu Rashida, ambaye huandikiana naye kila siku, ilhali mzee Rashidi alihifadhiwa kwa jina la «Baba Mdogo». Kibodi haikuwahi kuliona jina Rashidi, ila Rashida ililijua vizuri. Tangazo likatoka: «Innalillahi, tumempoteza mpendwa wetu Rashida alfajiri hii.»

Shangazi anaishi Muheza na wakati huo alikuwa shambani, simu ameiacha nyumbani. Watoto wake walioko Dar es Salaam walisoma tangazo, wakapiga simu ya mama yao bila kupokelewa, nao wakaamini. Mmoja alikuwa amekwisha kupanda basi kabla ya jirani kwenda shambani na kumkuta shangazi akipalilia mihogo. Binamu alituma masahihisho, lakini tangazo la kwanza lilikuwa limekwisha kusambazwa kwenye makundi mengine mawili, na huko lilizunguka hadi jioni. Shangazi alipokea salamu za rambirambi za kifo chake mwenyewe, huku akimlilia kaka yake. Mpaka leo ndugu wawili hawamsalimii binamu, wakati kilichobadilika ni herufi moja tu.

Kijana wa Uyole

Pole sana, dada. Hata mimi nimehisi baridi mwilini.

Mama Zuhura

Poleni sana. Lakini naomba nieleweshwe: je, aliandika Rashidi kwa usahihi na simu ikabadilisha, au aliliteua jina katika yale maneno yanayojitokeza juu ya kibodi?

Binti Pangani

Anasema aliliandika lote kwa mkono wake na kugeuka kwake hakukuona, kwa sababu hubadilika pale unapobonyeza nafasi, wakati macho yamekwisha kwenda kwenye neno linalofuata.

Mwalimu Mstaafu

Nampa pole binti, lakini nitasema wazi: ujumbe wa msiba husomwa tena kabla ya kutumwa. Na hizi shida nyingine zinatokana na kuchanganya lugha. Anayeandika Kiswahili aandike Kiswahili, naye anayeandika Kiingereza aandike Kiingereza, kibodi itatulia.

Kijana wa Uyole

Mwalimu, shikamoo, lakini tangazo lile lilikuwa la Kiswahili kitupu, na jina ni jina katika lugha yoyote. Wala mweka hazina hakuchanganya kitu. Tusiwalaumu waliofiwa.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Simlaumu aliyefiwa, nasisitiza kusoma tena.

Fundi wa Kariakoo

Naomba niingie hapo, kwa sababu visa hivi viwili vina vyanzo tofauti, na dawa yake si moja.

Kisa cha mweka hazina ni cha lugha. Kibodi yake ina Kiingereza peke yake, hivyo hulipima kila neno kwa kamusi ya Kiingereza. «Ni» haimo humo, na «no» imo tena ina herufi ya jirani, basi ikabadilishwa. Hali hiyohiyo huikumba «si», huikumba «hii», na hulikumba neno «leo», ambalo hupewa herufi kubwa kana kwamba ni jina la mtu. Hapa kinachohitajika ni kuiambia kibodi kwamba mwenye simu anaandika lugha mbili.

Kwa wenye Gboard, ambayo imo katika simu nyingi za Android, fungua mipangilio yake kwa alama ya gia iliyo juu ya kibodi, ingia `Languages`, kisha `Add keyboard`, utafute Kiswahili na uchague cha Tanzania au cha Kenya. Ukishakiongeza, rudi kwenye orodha, gusa lugha mojawapo na uhakikishe kwamba `Multilingual typing` imewashwa na lugha ya pili imewekewa alama. Baada ya hapo huna haja ya kubadilisha chochote unapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza katikati ya sentensi, kwa kuwa kibodi hutazama kamusi zote mbili kwa pamoja. Utajua imefaulu ukiona vifupisho vya lugha zote mbili juu ya kitufe cha nafasi. Kisha jaribu kwenye daftari la simu, kabla ya kumwandikia mtu: andika «ni», «si» na «hii», ukibonyeza nafasi baada ya kila moja. Yakibaki yalivyo, umemaliza.

Asiyependa kuchanganya kamusi aache lugha zikiwa mbalimbali na kubadilisha kwa kitufe chenye alama ya dunia, au kwa kushikilia kitufe cha nafasi mpaka orodha ya lugha itokee. Kasoro yake ni kwamba utasahau kurudisha, na sentensi ya kwanza ndiyo itakayoumia.

Kisa cha Rashidi ni cha majina, na kuongeza Kiswahili pekee kusingemsaidia binamu. Kibodi huweza kupewa ruhusa ya kutumia majina yaliyo kwenye orodha ya simu, na pia hujifunza unayoyaandika mara kwa mara. Rashida alikuwa na nguvu zote hizo mbili. Dawa ni kuliingiza Rashidi kwenye kamusi binafsi: mipangilio ya Gboard, `Dictionary`, `Personal dictionary`, kisha uguse alama ya kujumlisha. Hapo ndipo watu wengi hukwama bila kujua, kwa sababu kabla ya kuandika neno utaulizwa ni la lugha gani. Ukiliweka chini ya Kiingereza, siku ukiwa kwenye Kiswahili halitakulinda. Majina ya watu yawekwe chini ya `All languages`, na yaandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa sababu kibodi itayatoa vilevile ulivyoyaingiza.

Katibu wa Kikundi

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimefungua kamusi yangu sasa hivi, nimemkuta Mwanaidi chini ya Kiingereza. Sasa nimeelewa kwa nini alikuwa salama kwenye barua za benki na akaharibika kwenye kumbukumbu za kikao.

Mzee wa Nyamagana

Mbona mnahangaika? Zima tu.

Fundi wa Kariakoo

Mzee wangu, shikamoo. Kuzima `Auto-correction` kunafanya kazi, sikatai, na kwa anayeandika majina mengi ya ukoo ni njia halali. Lakini makosa ya kidole nayo yatabaki yote, kwa mfano «kikoa» pale ulipotaka «kikao». Tena, mistari myekundu haiondoki kwa kuzima huko, maana inatoka kwenye ukaguzi wa tahajia, ambao una swichi yake.

Mzee wa Nyamagana

Marahaba. Mistari myekundu kweli ninayo, nilidhani simu imeharibika.

Msafiri wa Maskati

Na sisi tunaoandika Kiarabu pia? Nimeongeza Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, lakini Kiarabu hakikubali kuungana na vingine.

Fundi wa Kariakoo

Hakitaungana, kwa sababu hati yake ni nyingine na vitufe vyake ni vingine. Unganisha Kiswahili na Kiingereza, Kiarabu ukiendee kwa kitufe cha dunia.

Mama Zuhura

Mimi natumia aifoni, na huko hakuna kamusi binafsi. Nimetafuta kote.

Dada wa Nairobi

Mama Zuhura, ipo njia. Ingia `Settings`, `General`, `Keyboard`, kisha `Text Replacement`. Gusa alama ya kujumlisha, andika jina mahali pa `Phrase` na uache `Shortcut` wazi. Simu italichukulia kuwa neno inalolijua. Vilevile kumhifadhi mtu kwa jina lake kamili kwenye orodha ya simu husaidia, kuliko kumwita «Mama Kijacho» au «Jirani». Ongeza pia kibodi ya Kiswahili hapohapo, kwa kuwa aifoni husahihisha kwa kufuata kibodi iliyofunguliwa.

Mama Zuhura

Nimeweka Zuhura, Mwajuma na Nyamizi. Yamekaa. Ahsante, mdogo wangu.

Mwalimu Mstaafu

Nami nimeongeza kibodi ya Kiswahili, lakini nina malalamiko. Imenipigia mstari mwekundu chini ya «hatutawakopesha», ambalo ni neno sahihi kabisa.

Fundi wa Kariakoo

Hilo ndilo gumu lenyewe, Mwalimu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kina maumbo mengi mno, na kamusi ya kibodi haina yote. Ninachokiogopa zaidi ya mstari ni pale umbo refu linapobadilishwa kuwa umbo jingine lililo sahihi, kwa sababu hakuna alama itakayokuonya. «Hatakuja» ikigeuka «atakuja», msomaji hana njia ya kujua. Ukiona neno limegeuka, bonyeza kitufe cha kufuta mara moja, papo hapo kabla ya kuandika lingine, na kwa kawaida neno lako la awali hurudi. Na kama kibodi imejifunza neno bovu na inakuletea kila mara, lishikilie pale juu ya kibodi, ulivute hadi kwenye alama ya pipa la taka.

Mwalimu Mstaafu

Basi mfano wako wa «hatakuja» ndio unaonipa sababu ya kusema watu wasome tena.

Kijana wa Uyole

Hapo nakubaliana nawe, Mwalimu.

Binti Pangani

Nimempelekea binamu maelezo ya Fundi. Ameingiza majina ya wazee wote wa ukoo chini ya lugha zote, na pia amezima kipengele cha kupendekeza majina kutoka orodha ya simu. Anauliza: akibadilisha simu, kamusi hiyo itahama naye?

Dada wa Nairobi

Yangu ilihama pamoja na akaunti.

Katibu wa Kikundi

Ya mke wangu haikuhama, ilibidi aanze upya. Mwambie ayaandike majina hayo na mahali pengine, wakati tunasubiri Fundi aseme tofauti iko wapi.