Msaada: Kupunguza "eee" na "yaani" kwenye mahojiano, naanzia maandishi au sauti?

MjukuuWaPwani: Wakuu, habari za jioni. Nina mahojiano ya dakika 50 na mzee fundi wa majahazi, natakiwa nibakize dakika 12 za redio. Mzee ana madini, ila "eee" na "yaani" hazihesabiki, na sentensi anazianza mara mbili mbili. Nimeambiwa nihariri maandishi kwanza, ndipo nikate sauti. Maandishi programu imeshanitolea. Mfano wa anavyosema:

"Mwaka ule tuli… eee, yaani, tulikuwa tunatumia mvule, yaani ule mti wenyewe, sio mbao za siku hizi."

Nikate wapi?

Kinasa: Mbona kazi ndogo mkuu? Audacity ina Truncate Silence. Bonyeza tu, vimya vyote kwisha.

Bi Mhariri: Kinasa, hiyo inabana kimya, na "eee" si kimya. Tena ukibana kila pumzi, mzee atasikika kama anakimbizwa.

Mleta uzi, hayo maandishi usiyaamini kwanza. Programu nyingi za kunukuu huruka "eee" na maneno yaliyokatikia njiani, unapewa sentensi safi ambayo mzee hakuisema. Sikiliza huku ukisoma, uyarudishe yote, na kila jibu uliandikie dakika na sekunde. Hapo ndipo upige mistari.

Kwa mfano wako, "yaani" ya kwanza ni ya kuvuta muda, itoke. Ya pili inafafanua, ibaki. Kata kabla tu ya "t" ya "tuli…", ruka mpaka "t" ya "tulikuwa". Ulimi unapojiandaa kutamka "t" hewa huziba kidogo, kwa hiyo kiungo kinajificha humo. Kikisikika "tik", fifisha sauti ya kwanza huku ya pili ikipanda, milisekunde 10 au 20 zinatosha. Ila ukikuta "lakinieee" imegandana, iache. Ukiikata neno linabaki bila mkia.

Msomi_Dom: Kuwa makini ndugu. Kwenye tasnifu yangu msimamizi alinikataza kutoa hata "eee" moja.

MjukuuWaPwani: Yako ni utafiti mkuu, mimi ni redio 😄. Bi Mhariri, shukrani, "t" kwa "t" imekubali, hata mimi sisikii kiungo. Sasa kuna hii. Nilimuuliza kwa nini wanawe hawakurithi kazi, akajibu: "Eee… hao… hao… basi, kila mtu na riziki yake." Kwenye karatasi nimezifuta "hao" zote mbili, inasomeka vizuri.

Bi Mhariri: Irudie kwa sikio, usiangalie karatasi. Mimi hapo nisingegusa kitu, msikilizaji asikie kwamba swali limemgusa.

Kinasa: Mimi ningetoa. Mzee wa watu, kwa nini asikike anababaika hewani? Bakiza "hao" moja, yatosha.

Bi Mhariri: Ukibakiza moja haiishii popote, Kinasa. Ama zote ama usiweke hata moja.