Telefone inamalizika chaji usiku tukiwa tumelala: tupeane uzoefu, hasa sisi wa karibu na barieri

Mwalimu wa Birere
Bandugu, naomba tuambiane. Jana nililala telefone ikiwa na 78. Sikuigusa hata mara moja. Alfajiri alarmu ilipolia ikawa na 34. Ndiyo hali yake tangu nihamie huku chini, karibu na Petite Barrière, mpakani na Rwanda. Nilipokuwa Ndosho telefone hii hii ilikuwa inaamka karibu na pale nilipoiacha. Na mnajua umeme wa kwetu, hauna ahadi. Asubuhi, kabla ya darasa, naanza kutafuta kwa kuchajisha, na ni kwa kulipa. Nani yalimpata, na alianza kuangalia wapi?

Mama Katindo
Hata yangu mwalimu. Nasubiri majibu hapa hapa.

Kijana wa Majengo
Kabla ya kulala fungua zile application zote za nyuma uzifute moja moja. Mimi nafanya hivyo kila siku, betri inakaa.

Fundi wa Virunga
Kijana, hiyo tuiache. Android yenyewe inazilaza application ukiiacha imetulia, na ukizifuta, nyingine zinajiwasha upya, na kule kujiwasha kunakula zaidi. Mwalimu, ingia Paramètres, kisha Batterie, uone usiku ule nani alikula. Fanya hivyo asubuhi, kabla hujaiweka kwenye chaji, maana simu nyingine zinafuta hesabu zikijaa.

Kijana wa Majengo
Lakini yangu inakaa, fundi. Siwezi kukataa ninachokiona.

Fundi wa Virunga
Unaishi Majengo, rezo iko wazi. Labda hata usipozifuta itakaa. Jaribu kuziacha usiku mmoja ulinganishe.

Mwimbaji wa Himbi
Kwangu ilikuwa WhatsApp. Tuko na grupe ya kwaya, kila mtu anatuma video za mazoezi. WhatsApp inatunza nakala zake usiku wa manane, na yangu ilikuwa imeruhusiwa kutumia mega za SIM. Rezo ikiwa dhaifu, kupandisha video kunachukua usiku kucha. Ingieni Sauvegarde des discussions muweke Wi-Fi pekee. Asubuhi mega pia zitakuwepo.

Mwalimu wa Birere
Nimeangalia Batterie. WhatsApp iko chini kabisa. Kilicho juu ni mstari wa réseau mobile, umepita hata skrini.

Fundi wa Virunga
Hapo tumefika. Una SIM ngapi?

Mwalimu wa Birere
Mbili kama watu wote wa huku. Moja ya Kongo, moja ya Rwanda kwa ajili ya dada yangu aliye Gisenyi.

Dereva wa Sake
Zima Itinérance, imeisha. Simu inakuwa inashika rezo ya ng'ambo.

Fundi wa Virunga
Papa dereva, umegusa nusu. Kile kitufe cha Itinérance kinazuia mega tu. Simu bado inaweza kujiandikisha kwenye rezo ya ng'ambo kwa ajili ya kupigiwa, halafu kila baada ya muda inaamka kutafuta rezo ya kwao, inarudi, inapoteza, inatafuta tena. Chaji inakwenda kwenye kutafuta huko. Ndani ya nyumba za matofali na mabati, SIM ya Rwanda inapata vijistari viwili, inapoteza, inapata. Na usiku umeme ukikatika, mnara wa karibu ukizimika, hata ile ya Kongo inaanza kutangatanga.

Mwalimu, fanya usiku wa kupima. Wa kwanza, weka Mode Avion. Wa pili, toa Mode Avion, zima mega na Wi-Fi, acha SIM zote mbili. Ukiona usiku wa kwanza haupotezi na wa pili unapoteza, application haina kosa, maana bila mega haiwezi kufanya kazi nyingi. Ni antena yenyewe.

Mama Katindo
Mode Avion usiku mimi siwezi. Niwaambie kwa nini. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, jioni, Nyiragongo ilipolipuka. Mbingu ilikuwa nyekundu, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Mume wangu alikuwa upande wa Buhene kwa kaka yake, mimi niko na watoto. Umeme umekatika, rezo inakuja na kukatika, telefone yangu naiona inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nilipiga na kupiga. Ilizimika mkononi, nimesimama barabarani na mtoto mgongoni, sijui baba yao yuko hai ao hapana. Nilimuona mchana wa kesho yake, amejaa majivu hadi kwenye nyusi. Tangu siku ile telefone yangu hailali imefungwa.

Mwimbaji wa Himbi
Mama, umenirudisha mbali. Sisi tulivuka kwenda Gisenyi usiku ule ule.

Dereva wa Sake
Na tarehe 27 walipotangaza tuhame, nilibeba watu hadi Sake bila hata kujua nani ni nani. Barabara ilikuwa imejaa miguu.

Kijana wa Majengo
Pole sana mama. Nilikuwa mdogo lakini joto la ile lava nalikumbuka.

Fundi wa Virunga
Pole mama yetu. Wewe usifunge simu. Acha SIM moja, ile ambayo watu wako wanakupigia, zima ya pili na uzime mega. Simu itapigiwa kama kawaida.

Dereva wa Sake
Ao weka 2G tu ulale. Zamani tulichaji mara moja kwa juma!

Fundi wa Virunga
2G inasaidia pale 4G inapokuja na kuondoka. Lakini kuna sehemu 2G yenyewe ni dhaifu, unaharibu zaidi. Pima kwanza kwa kupiga hii, inafanya kazi kwenye simu nyingi za Android, si zote:

```
*#*#4636#*#*
```

Utaona namba yenye dBm. Kwa 4G, karibu na -90 ni nzuri. Ikishuka hadi -115, antena inahangaika.

Mwalimu wa Birere
Nimerudi na majibu. Usiku wa Mode Avion, kutoka 76 hadi 73. Usiku wa pili, mega zimezimwa na SIM zote mbili ziko, kutoka 80 hadi 47! Ile namba, nikiwa kitandani, SIM ya Kongo ni -117, nikitoka uani ni -98. Na jina la rezo juu ya skrini limebadilika nikiangalia.

Basi nimezima SIM ya Rwanda, na kwenye réseau mobile nimeondoa kuchagua rezo kwa otomatiki, nikachagua ya kwetu kwa mkono. Simu nimeiweka dirishani la uani. Jana 79, leo 68. Aksanti sana fundi.

Fundi wa Virunga
Vizuri. Ukivuka kwenda kwa dada, rudisha otomatiki, la sivyo SIM ya Kongo haitashika chochote ng'ambo.

Dereva wa Sake
Na dirishani si wezi wataipata?

Mwalimu wa Birere
Dirisha lina vyuma, papa.

Mama Katindo
Nimezima SIM ya pili, yangu bado inashuka. Na Mode Avion nimejaribu mchana watoto wakiwa shule, inashuka vile vile.

Fundi wa Virunga
Hapo si rezo tena mama. Ilaze juu ya meza mgongo chini, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kirahisi kama pia, betri imevimba, usiichaji tena na usilale nayo karibu na watoto. Isipozunguka, niambie una simu hiyo tangu lini.