POST imekubaliwa, GET inasema haipo: kosa ni la nani?

Mleta mada: Mfumo wetu hujibu POST ya agizo kwa 201 pamoja na anwani ya agizo jipya, lakini programu ya simu ikiifuata anwani hiyo papo hapo hupata 404. Tunaandika kwenye hifadhidata kuu ya PostgreSQL na kusoma kwenye nakala. Je, ni haki kumwambia mwenye programu asubiri?

Fundi wa seva: Ni haki. Nakala huchelewa sehemu ndogo tu ya sekunde. Tatizo ni uvivu wa waandishi wa programu za simu, ambao hawasomi maelezo.

Mwandishi wa simu: Neno hilo la uvivu silikubali. Nilisoma kwamba 201 maana yake agizo limeundwa. Programu yangu ilipopata 404 ilichukulia kuwa halikuingia, ikalituma upya, na mnunuzi akatozwa mara mbili.

Fundi wa seva: Ungetuma `Idempotency-Key` ileile, na seva ingekuwa inaitambua, asingetozwa mara mbili.

Msimamizi wa hifadhidata: Ufunguo huo unazuia malipo ya pili, lakini 404 inabaki palepale. Tena hiyo sehemu ya sekunde haina dhamana. Nakala ikiwa inaendesha ripoti ndefu, kisha ikaletewa badiliko linaloondoa kabisa safu zilizofutwa ambazo ripoti bado inazihitaji, husimamisha mabadiliko yote yanayofuata, agizo lako likiwemo, mpaka ripoti iishe au muda wa `max_standby_streaming_delay` upite, ambao usipobadilishwa ni sekunde 30. Mleta mada aangalie `replay_lag` katika `pg_stat_replication` wakati wa ripoti. Mimi ningefanya hivi: baada ya kuandika, seva isome nafasi ya kumbukumbu za mabadiliko kwa `pg_current_wal_lsn()` na kuirudisha pamoja na 201. GET ije nayo, kisha nakala iulizwe kama imefika hapo:

```sql
SELECT pg_last_wal_replay_lsn() >= '0/16B3748'::pg_lsn;
```

Ikijibu `f`, ombi hilo lisomwe kwenye hifadhidata kuu.

Mchangiaji mwingine: Mzunguko wote huo wa nini? Ifanyeni nakala iwe ya kusubiriwa, `synchronous_commit` ikiwa `on`, na yote yatakwisha.

Msimamizi wa hifadhidata: Hayatakwisha. `on` husubiri nakala iandike kumbukumbu kwenye diski tu, na GET bado inaweza kuikuta haijazitekeleza. Inayosubiri utekelezaji ni `remote_apply`, lakini ripoti ile ikikwamisha nakala, kila POST nayo itakwama.

Mwandishi wa simu: Basi kumbe aliyesoma maelezo nusu si mimi.

Mleta mada: Kwa programu ya simu nimeelewa. Lakini agizo hilohilo husomwa pia na seva ya ghala, ambayo hupokea namba ya agizo peke yake kupitia kwa mshirika tusiyeweza kumbadilishia ujumbe. Seva hiyo itaipata wapi hiyo nafasi ya kumbukumbu?

Fundi wa seva: Huyo asome hifadhidata kuu daima.

Msimamizi wa hifadhidata: Inategemea anasoma mara ngapi. Kwangu, ombi lisilo na nafasi husomwa kwenye nakala, na likikosa rekodi huulizwa tena hifadhidata kuu kabla ya kujibu 404. Ila mtu akituma namba za kubuni kwa wingi, mzigo wote unaangukia hapo.