Fundi kanifungia kamera ya geti, usiku namba za gari hazisomeki, ati "ndivyo zilivyo"

Mpangaji_Chukwani: Jamani nimechoka! Juzi usiku kuna gari limegonga nguzo ya geti letu likatia mbio. Nafungua rekodi: gari naliona, rangi naiona, penye namba pana kipande cheupe pe. Likigeuka, namba yote imekuwa ukungu. Kabla sijatoa pesa nilimwambia fundi wazi kuwa nataka kusoma namba usiku, akanijibu halina tabu. Kisha kafunga kamera moja juu kabisa chini ya paa, mita 5, inatazama geti, ua na barabara. Leo ananiambia kamera zote usiku ndivyo zilivyo. Pesa ya watu kaichukulia nini?

Kijana wa Mkoani: Megapikseli 4 ni ndogo, kaka. Nunua ya 8, tia na taa kubwa getini, umemaliza.

Fundi_Wete: Megapikseli zitasaidia kidogo, ila ugonjwa si huo. Usiku simamisha gari getini, taa zimewaka. Namba ikisomeka gari limesimama, ikapotea likitembea, basi ni shata, yaani ule muda kamera inaoacha mwanga uingie kwa kila picha. Ikiwa nyeupe hata limesimama, mwanga umezidi: kibao kinarudisha mwanga kule ulikotoka, na taa za infraredi zipo ubavuni mwa lenzi. Zipunguze nguvu, na `Gain`, ile inayokuza mwanga wa picha, ishushe.
Shata ikiachwa `Auto`, usiku huteremka mpaka 1/25 ya sekunde. Gari la kilomita 20 kwa saa muda huo limeshasogea sentimita 22, herufi zitaachaje kupakana? Weka 1/500, litasogea sentimita 1 tu.

Bi Mkubwa Bububu: Na mie je? Vijana wa bodaboda wanamwaga taka mlangoni kwangu. Kamera inawaona wakija, namba iko nyuma.

Fundi_Wete: Bibi, yako itazame wanakoondokea, shata hiyohiyo.

Mpangaji_Chukwani: Nimejaribu na gari la shemeji. Likisimama mbali kidogo na geti, namba inasomeka. Likitembea, hamna. Menyu ilikuwa `Auto`, nimeweka 1/500 na nimepunguza infraredi. Sasa namba naisoma, lakini ua wote kiza, mtu akiruka ukuta simuoni! Na gari likifika getini hasa, herufi zinabanana kama zimekaliwa.

Fundi_Wete: Kiza ni lazima, shata ya kasi inakula mwanga. Ndiyo maana kazi hii hufungwa kamera mbili, moja ya ua, moja ya namba tu, yenye lenzi ya kuvuta. Na hiyo ya mita 5, gari likiwa mita 4 kutoka ukutani, inalitazama kwa karibu digrii 48. Isizidi 30. Ya namba ishushe, mita 1 na nusu hivi inatosha.

Kijana wa Mkoani: Chini hivo si wataiiba?

Mpangaji_Chukwani: Basi kamera ya pili alipe yeye! Nilimwambia kazi ninayoitaka kabla hajapanda ngazi. Nimempigia, anasema nimlipe upya, na risiti aliyonipa imeandikwa "kamera 1" tu. Kuna aliyewahi kumdai fundi namna hii akapata?